Jina la Koko lilikaa sekunde moja

Wasee, kuna video yangu moja wengi wenu mliipenda, na mimi nikaificha. Mmekuwa mkiuliza kwa komenti imeenda wapi. Ni ile ya maziwa, ya kutoka Kajiado hadi Kitengela, yenye yule shosho wa shuka nyekundu na ng'ombe wake. Nimeificha kwa sababu ya kadi ya jina. Ndiyo, ile kamstari kadogo ka maandishi ambako huwa tunaweka dakika ya mwisho kabla ya kuekspoti, macho yakiwa yamechoka na chaja imelegea.

Hii ndiyo ilivyokuwa. Huyo shosho, ambaye wajukuu wake humwita Koko na mimi nikamwita hivyo hivyo, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza maziwa. Yeye ndiye aliniita. Alitaka watu wa Kitengela wajue maziwa wanayoweka kwa chai yanatoka kwa nani, ili mwenye hoteli akitaka maziwa ampigie yeye moja kwa moja. Nikaenda siku mbili, nikalala huko, nikaamka nao saa kumi alfajiri. Ndani ya video kuna watu wawili wenye majina: Koko mwenyewe, na jamaa wa pikapu anayebeba mitungi kupitia Isinya hadi huku kwetu.

Siku nne baada ya kuposti, mjukuu wa Koko akanipigia. Akasema, "Brathe, Koko anauliza jina lake liko wapi." Nikacheka, nikamwambia liko hapo, sekunde ya kumi na moja. Akaniambia niangalie tena, kwa simu, si kwa kompyuta. Nikafungua TikTok. Sekunde ya kumi na moja ikafika, Koko akatokea, na pale nilipoandika jina lake palikuwa na jina langu. Jina la akaunti yangu, na maelezo yangu, na hashitagi zangu tano. Jina la Koko lilikuwa chini ya hayo yote, limebaki vipande vya herufi vikichungulia.

Jamaa wa pikapu naye jina lake lilionekana safi kabisa. Kwa bahati tu, alikuwa ameketi juu ya pikapu, uso wake uko juu kwa fremu, nikaweka kadi yake katikati. Jina fupi, herufi nane. Sasa nenda usome komenti: "Huyu boss wa maziwa anapatikana wapi?" Wenye hoteli wawili wakamtafuta yeye. Simlaumu, hakuniomba. Lakini oda zilienda kwake, na sijui kama maziwa anayopeleka huko ni ya kikundi au ya kwingine. Koko pia hajui.

Sasa tuongee vile hii kitu hutokea, kwa sababu nilidhani nimefuata sheria.

Kabla niache chuo nilikaa kwa darasa moja la mambo ya tivi, na kitu kimoja nilichobeba ni ukingo salama. Tivi za zamani, zile za kioo kilichochongoka mbele kama Great Wall ya kwa nyanya, zilikuwa zinakula pembeni mwa picha. Picha ilitengenezwa kubwa kuliko kioo makusudi, ili pembeni pasibaki weusi, kwa hivyo sehemu ya nje haikuonekana nyumbani. Kila tivi ilikuwa inakula kivyake. Watangazaji wakakubaliana kwamba maandishi yasikaribie ukingo: enzi hizo uliacha asilimia 10 kila upande. Tivi bapa zilipokuja, ukingo ukapungua. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, una waraka unaoitwa R 95 unaosema maandishi na michoro ikae ndani kwa asilimia 5 kila upande.

Mimi nikachukua hiyo asilimia 5 nikaiweka kwa video ya simu. Fremu yangu ni 1080 kwa 1920, kwa hivyo nikaacha pikseli 54 kushoto na pikseli 96 chini. Nikajiona profesheno. Shida ni kwamba ile sheria ilitungwa kwa ajili ya kioo kinachokula pembeni. Simu haina shida hiyo. Kwa simu kuna programu iliyokaa juu ya picha yako na kubandika vitu vyake: jina la akaunti na maelezo chini, ile safu ya moyo na komenti na mshale upande wa kulia, na juu kuna vitufe vya kuhama ukurasa. Na unapoediti huvioni. CapCut inakuonyesha fremu safi kama shamba halijajengwa, unaweka jina popote, halafu ukiposti mtu anajenga ghorofa juu yake.

Kwa hivyo nilifanya kile nilipaswa kufanya mwaka juzi. Nilitengeneza kadi ya majaribio: picha tupu ya kijivu, 1080 kwa 1920, yenye mistari ya kulala na ya kusimama kila baada ya pikseli 100, na kila mstari una namba yake. Nikaifanya video ya sekunde tano, nikaiposti ionekane na mimi pekee, nikaandika maelezo ya mistari miwili kama ninavyoandikaga siku zote. Halafu nikaifungua kwa simu tatu: yangu, ya brathangu, na ile kuukuu ya mama yenye kioo kimepasuka. Kila moja nikachukua skrinishoti na kusoma namba zilizobaki wazi.

Kwa simu yangu, chini palifunikwa karibu pikseli 400. Juu karibu 180. Kulia, kuanzia katikati kwenda chini, karibu 150. Zako zinaweza kuwa tofauti kidogo, na maelezo yakiwa marefu chini panapanda zaidi, kwa hivyo usikariri namba zangu. Tengeneza kadi yako, ni kazi ya dakika kumi. Na uirudie mara kwa mara, kwa sababu hizi programu huhamisha vitufe vyao bila kukupigia simu.

Kitu ambacho sikutarajia ni kushoto. Simu nyingi siku hizi ni ndefu kuliko video. Skrini ni 20 kwa 9, video ni 16 kwa 9. Programu inaweza kuacha weusi chini, au inaweza kuvuta video ijaze skrini nzima, na ikivuta, pembeni panakatwa. Piga hesabu: skrini ya 1080 kwa 2400 ikijazwa yote, video inapanuka hadi upana wa 1350, na skrini inaonyesha 1080 tu. Umepoteza sehemu moja kati ya tano, nusu kila upande. Kwa vipimo vya video yako hiyo ni pikseli 108 kushoto na 108 kulia. Zile 54 zangu za tivi zingeenda zote na herufi ya kwanza ya jina juu yake. Siku hizi naacha 120 kushoto na 160 kulia, kila wakati, hata kama video haitakatwa.

Ukitoa 120 na 160 kutoka 1080 unabaki na upana wa 800. Hapo ndipo unaona kama jina litaingia. Kwa fonti ya kawaida isiyo na mikia, herufi moja huchukua upana wa karibu nusu ya saizi yake. Nikitumia saizi ya pikseli 64, herufi ni kama 32 kila moja, kwa hivyo mstari mmoja unabeba herufi 25 hivi, nafasi zikiwemo. Kwa skrini yenye upana wa sentimita 7, hiyo saizi ni kama milimita 4. Chini ya hapo, mtu aliye kwa matatu ya Namanga Road na simu inaruka mkononi hasomi kitu.

Jina la Koko kamili, vile liko kwa kitambulisho, ni herufi 21. Linaingia. Lakini chini yake nilikuwa nimeandika "Mwenyekiti, kikundi cha akina mama wa maziwa." Hesabu: herufi 44 pamoja na nukta. Haiingii, kwa hivyo nilikuwa nimeipunguza saizi hadi ikaingia, yaani ikawa kama maandishi ya nyuma ya paketi ya dawa. Hata ingekuwa mahali pazuri, hakuna mtu angeisoma.

Na hata angetaka, hakuwa na muda. Hapa ndipo nilijionea aibu zaidi. Kadi ilikaa sekunde 2. Nilikuwa nimeipa ule mchezo wa herufi kuingia moja moja kama taipureta, nusu sekunde, na nusu sekunde nyingine ya kuyeyuka. Kwa hivyo jina zima lilisimama wima kwa sekunde 1. Herufi 65 kwa sekunde 1. Mimi nilikuwa naisoma vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika! Mwenye kuediti huwa hasomi, anakumbuka tu.

Ukitafuta mtandaoni utaambiwa uhesabu maneno. BBC, kwa mfano, wamependekeza maandishi ya chini yaende maneno 160 hadi 180 kwa dakika, yaani theluthi moja ya sekunde kwa neno, kitu kama hicho. Kwa Kiingereza ni sawa. Sasa chukua Kiswahili. Kuna mahali Koko anasema kwa Kimaasai kuhusu mnunuzi mmoja, na tafsiri niliyoandika ni "Hawajatulipa." Hilo ni neno moja. Ukilipa theluthi ya sekunde, mtu ataona "Hawaj" na imeenda. Mzungu angehitaji maneno matano kusema hivyo na angepewa muda wa maneno matano. Sisi tunabana sentensi nzima ndani ya kitenzi, halafu tunapewa muda wa neno moja. Kwa hivyo kwa Kiswahili hesabu herufi. Mimi hutumia herufi 14 kwa sekunde kwa maneno ya kawaida, na herufi 10 kwa sekunde kwa majina ya watu, kwa sababu jina usilolijua huwezi kulikisia. "Mwenyekiti" ukiona "Mwenyek" ubongo unamaliza. Jina la mtu lazima ulisome lote, silabi kwa silabi. Halafu ongeza nusu sekunde ya jicho kutoka usoni kwenda kwa maandishi.

Tufanye ya Koko upya. Jina, herufi 21, kwa 10: sekunde 2.1. Cheo nikakipunguza kuwa "Mwenyekiti wa kikundi", herufi 21 tena, kwa 14: sekunde 1.5. Ongeza 0.5 ya jicho. Ni 4.1. Herufi zisiingie moja moja, zitokee zote kwa kufifia fremu 6 tu kuingia na 6 kutoka, ambayo kwa video ya fremu 30 ni 0.2 na 0.2. Jumla 4.5, fremu 135.

Sasa shida: klipu ya kwanza ya Koko ilikuwa sekunde 3. Na anaongea Kimaasai, kwa hivyo chini kuna tafsiri. Yaani nilikuwa namwambia mtu asome jina, asome cheo, asome tafsiri, na bado amwangalie Koko usoni, vyote kwa sekunde 3. Nilijaribu kusukuma kadi ivuke hadi klipu inayofuata. Haikufanya kazi. Picha ikikatika wakati maandishi yamebaki, jicho langu lilirudi mwanzo wa jina kana kwamba ni kadi mpya, na sasa jina la Koko lilikuwa limekaa juu ya ng'ombe. Usicheke. Kuna mtu angekomenti ng'ombe ana jina zuri.

Dawa ilikuwa kuacha kumtambulisha akiongea. Kwenye vipande nilivyotupa kulikuwa na kimoja cha Koko akichuja maziwa kwa mtungi, kimya, sekunde 7, uso unaonekana vizuri. Nikakiweka kabla hajafungua mdomo. Picha ikaanza, nikahesabu fremu 15 bila chochote ili mtu amwone Koko kwanza, kisha kadi ikaingia, ikakaa fremu zake 135, ikatoka, na picha ikabaki fremu 60 kabla ya kukata. Tafsiri hazijaanza bado. Kitu kimoja cha kusoma kwa wakati mmoja. Siku hizi nikienda kushuti mtu huwa namwomba sekunde kumi za kufanya kazi yake bila kuongea, na najua tayari hizo ni za jina.

Mahali nilipoiweka ni usawa wa kifua, karibu pikseli 1300 kutoka juu. Hiyo inamaanisha ukishuti usijaze fremu na uso. Ukipiga kidevu kikagusa chini, utalazimika kuandika jina mdomoni mwa mtu. Na jua la Kajiado ni lile la kumeza herufi: vumbi jeupe, mbuzi weupe, mabati yanang'aa. Maandishi meupe yakapotea. Nilijaribu manjano, yakapendeza kwa nyasi na kufa kwa mabati. Mwishowe niliweka kibati cheusi nyuma ya herufi, weusi wa asilimia 60, si maridadi lakini kinasomeka juu ya kila kitu. Nyekundu usijaribu mahali kuna shuka.

Kadi ya kichwa sitaikawiza sana. Mwanzoni nilikuwa na skrini nyeusi ya sekunde 4 yenye logo yangu na "Safari ya maziwa kutoka Kajiado hadi Kitengela." Kwa sekunde 4 nyeusi mtu ameshapita video tatu za wengine. Sasa kichwa kinakaa juu ya picha inayotembea, taa ya pikapu ikiwaka gizani, na kimekuwa "Maziwa ya saa kumi", kwa mistari miwili, saizi 100, sekunde 2. Angalizo moja tu: kama video inaenda Instagram pia, ile picha ya profaili siku hizi hukatwa 3 kwa 4, kwa hivyo kutoka 1920 inabaki 1440 ya katikati. Kichwa kikiwa ndani ya pikseli 240 za juu, kwa profaili hakuna kichwa.

Kabla niposti nilifanya jaribio moja ambalo sasa sitaliacha. Nilimpa dada wa duka la M-Pesa hapa plotini simu, sauti imezimwa, mwanga wa skrini nusu, nje kwa jua. Aangalie mara moja. Kisha nikamuuliza, "Huyo mama anaitwa nani na anafanya nini?" Akasema cheo vizuri, jina akakosea silabi ya mwisho. Nikawa tayari kuongeza nusu sekunde, lakini kwanza nikapigia mjukuu wa Koko nihakikishe nimeliandika sawa. Koko akachukua simu mwenyewe. Akasema, "Hilo jina la kitambulisho ni la serikali. Hakuna mtu hapa Kajiado ananiita hivyo. Mtu akija sokoni aulize hilo, ataambiwa hayuko."

Manze. Video nzima ilikuwa ya watu kumpata, na hata jina lingeonekana vizuri lisingempata. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimelinakili kutoka kwa kitambulisho nikajiona makini. Jina analojulikana nalo ni herufi 12, kwa hivyo sekunde 2.1 zikawa 1.2, na kadi nzima ikashuka hadi 3.6. Sikuipunguza, niliacha 4.5. Dada wa M-Pesa akaliona, akalisema lote bila kusita.

TikTok hairuhusu ubadilishe video iliyoshapostiwa, kwa hivyo ilibidi nifiche ya kwanza na kuposti upya. Ndiyo hiyo iko juu ya profaili sasa. Imeangaliwa na watu wachache sana kuliko ile ya kwanza, hata robo haijafika. Jumapili nilienda nikamwonyesha Koko kwa simu ya mjukuu wake, tumeketi nje, jua kali. Ikafika kwa mtungi, jina likatokea, mjukuu akalisoma kwa sauti na likabaki hapo hata baada ya yeye kumaliza. Koko akaomba irudiwe. Akaangalia tena, kisha akaniuliza, "Na wale walioona ile ya kwanza, utawaambia vipi?"